Mistari Miwili, Safu Mbili: Mabawa ya X Katika Sudoku

Leo tafuta penseli na kipande cha karatasi, maana tunazungumzia sudoku, na mbele kidogo nitakusomea mistari mitatu ya fumbo ambayo ni vyema uiandike. Mazungumzo haya ni ya yule aliyekwisha kuvuka hatua za mwanzo. Unajua kukitazama kijumba kimoja ukaona kwamba namba nane zimezuiwa, basi ya tisa haina budi kukaa hapo. Unajua pia kuifuata namba moja ndani ya boksi mpaka ukagundua kwamba imebakiwa na mahali pamoja tu. Mafumbo mepesi unayamaliza kwa njia hizo mbili. Lakini yapo mafumbo ambayo yakifika katikati hugoma: kila kijumba kinaweza kupokea namba mbili au tatu, na kila namba ina mahali pawili au patatu pa kukaa. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini, au huanza kubahatisha. Mbinu ya leo, inayoitwa mabawa ya X, ni ya kuvukia mahali kama hapo. Na hoja yangu ni moja, nitairudia mara kadhaa ili ishike: mabawa ya X ni hesabu ya nafasi. Ukiyashika kama hesabu, utajua mwenyewe pa kufuta na pa kuacha. Ukiyashika kama picha ya kutafuta kwa macho tu, siku moja utafuta namba iliyokuwa jibu.

Kwanza tukubaliane maneno, ili tusipotezane njiani. Nikisema mstari, ninamaanisha vijumba tisa vilivyolala kutoka kushoto kwenda kulia. Nikisema safu, ninamaanisha vijumba tisa vilivyosimama kutoka juu kwenda chini. Mistari tunaihesabu kuanzia juu, safu tunazihesabu kuanzia kushoto. Nikisema boksi, ninamaanisha lile eneo la tatu kwa tatu lenye mipaka minene. Sharti la mchezo unalijua: kila mstari, kila safu na kila boksi lazima liwe na namba 1 hadi 9, kila namba mara moja. Sharti hilo ndilo lililokuwapo fumbo hili lilipochapishwa katika majarida ya Dell huko Marekani mwaka 1979, kabla Wajapani hawajalipa jina la sudoku. Ninalitaja kwa sababu mbinu yetu haiongezi sharti jipya. Inatumia mambo mawili tu kutoka hapo: mstari lazima uipate namba yake, na safu haiwezi kuipokea namba ileile mara mbili. Yashike hayo mawili, kwa kuwa kila nitakachosema leo kinatoka humo.

Sasa chukua penseli. Chora jedwali la tisa kwa tisa, halafu tujaze mistari mitatu tu. Mstari wa pili, kutoka kushoto: 7, 1, 9, kisha kijumba kitupu, kisha 2, 3, 6, kijumba kitupu, na mwisho 5. Narudia mstari wa pili: 7, 1, 9, tupu, 2, 3, 6, tupu, 5. Twende mstari wa tano: 6, 9, 5, tupu, 8, 2, 3, tupu, 1. Narudia: 6, 9, 5, tupu, 8, 2, 3, tupu, 1. Na mstari wa tisa, ule wa chini kabisa: tupu, 7, 2, tupu, 3, 6, 1, tupu, 9. Narudia na huo: tupu, 7, 2, tupu, 3, 6, 1, tupu, 9. Mistari mingine ya fumbo hili ina namba zake pia, lakini kwa sasa hatuzihitaji. Na jambo hilo lenyewe ni la kuzingatia: katika jedwali zima lenye vijumba 81, hoja yetu itasimama juu ya mistari mitatu.

Tuanze na mstari wa pili. Umekosa namba gani? Ukizihesabu utaona imekosekana 4 na imekosekana 8. Vijumba vitupu ni viwili, kimoja katika safu ya nne na kingine katika safu ya nane. Kwa hiyo 4 ya mstari wa pili itakaa ama safu ya nne ama safu ya nane, hakuna pengine. Ipi kati ya hizo? Hatujui, na bado hatuhitaji kujua. Twende mstari wa tano. Huo umekosa 4 na 7, na vijumba vyake vitupu viko wapi? Safu ya nne na safu ya nane, zilezile. Basi 4 ya mstari wa tano nayo itakaa ama safu ya nne ama safu ya nane. Hapo ndipo mabawa yanapotokea. Ukiunganisha vijumba hivyo vinne kwa mistari miwili ya mshazari, kona hadi kona, utapata herufi X. Lakini usiipe herufi hiyo uzito mno. Kilicho muhimu ni kwamba mistari miwili tofauti inaitafutia namba moja nafasi, na yote miwili imebakiwa na safu zilezile mbili.

Sasa fuata hesabu taratibu. Mstari wa pili lazima upate 4. Mstari wa tano lazima upate 4. Hizo ni 4 mbili. Zote mbili zitakaa ndani ya safu ya nne na safu ya nane, kwa sababu hazina pengine pa kwenda. Je, zinaweza kukaa safu moja? Haziwezi, maana safu haipokei namba ileile mara mbili. Basi moja itachukua safu ya nne na nyingine safu ya nane. Hali zinazowezekana ni mbili tu. Ya kwanza: 4 ya mstari wa pili iko safu ya nne, na ya mstari wa tano iko safu ya nane. Ya pili ni kinyume chake: ya mstari wa pili iko safu ya nane, na ya mstari wa tano iko safu ya nne. Katika hali ya kwanza, safu zote mbili zimekwisha kupata 4 zao. Na katika hali ya pili? Vilevile zimekwisha kupata. Hatujui ni hali ipi iliyo ya kweli, lakini hitimisho ni lilelile kwa zote mbili: hakuna 4 nyingine inayoweza kukaa mahali popote katika safu ya nne wala ya nane, nje ya vijumba vyetu vinne.

Mfano wa nyumbani huu hapa. Wageni wawili wameingia sebuleni, viti ni viwili, na kila kiti ni cha mtu mmoja. Hujui ni mgeni yupi atakayekaa kiti cha dirishani na yupi atakayekaa kiti cha mlangoni. Lakini akija mtu wa tatu, huhitaji kusubiri uone wamekaaje ndipo umwambie kwamba viti vimejaa. Hesabu imekwisha kukuambia. Katika fumbo letu wageni ni mistari miwili inayotafuta 4, na viti ni safu mbili. Mstari wowote mwingine utakaotaka kuiweka 4 yake katika safu hizo utakuta viti vimejaa.

Na nani huyo atakayekuja wa tatu? Tazama mstari wa tisa. Umekosa 4, 5 na 8, na vijumba vyake vitupu viko safu ya kwanza, safu ya nne na safu ya nane. Kabla ya hoja yetu, 4 ya mstari huo ilikuwa na mahali patatu pa kukaa. Sasa safu ya nne imefungwa kwa 4, na safu ya nane imefungwa pia. Pamebaki wapi? Safu ya kwanza peke yake. Kwa hiyo andika 4 katika kijumba cha kwanza cha mstari wa tisa, kule pembeni chini kushoto. Iandike kwa kalamu ya wino, kwa sababu ni ya uhakika. Angalia tulichofanya: hatujajua 4 ya mstari wa pili iko wapi, hatujajua ya mstari wa tano iko wapi, lakini tumeijua ya mstari wa tisa.

Kuna jambo moja katika fumbo hili ambalo ningependa ulitazame kwa karibu. Katika jedwali lote, pamoja na ile mistari sita ambayo sijakusomea, kabla ya hatua yetu hapakuwa na 4 hata moja. Si kwamba zilikuwa chache, hazikuwapo kabisa. Mchezaji wa kati amezoea kuanza na namba zilizojitokeza mara nyingi, kwa sababu kila namba iliyoandikwa huzuia mstari wake, safu yake na boksi lake, na hivyo kupunguza nafasi za wenzake. Kwa mazoea hayo, namba ambayo haijaandikwa popote inaonekana haina msaada, na mtu huiacha mwisho. Ni mazoea yenye sababu, lakini hapa yangekunyima njia, kwa sababu nafasi za 4 zilikuwa zimepunguzwa na namba nyingine zilizojaa katika mistari ya pili na ya tano. Mabawa ya X hayaulizi namba imeandikwa mara ngapi. Yanauliza imebakiwa na nafasi ngapi. Hiyo ndiyo hesabu ninayoisema tangu mwanzo.

Je, hatua moja hiyo inafika mbali? Tuendelee kidogo tuone, na hapa nitakupa namba chache za ziada. Katika boksi la chini kushoto, mstari wa saba una 1 kisha vijumba viwili vitupu, na mstari wa nane una 9, 3, 6. Ukijumlisha na mstari wa tisa, ambao sasa unaanza na 4, 7, 2, boksi hilo limebakiwa na 5 na 8. Sasa safu ya tatu, kutoka juu: tupu, 9, 3, 7, 5, 1, tupu, 6, 2. Imekosa 4 na 8, katika mstari wa kwanza na wa saba. Kile kijumba cha mstari wa saba kiko ndani ya boksi ambalo tumeliwekea 4 sasa hivi, kwa hiyo chenyewe ni 8, na 4 ya safu hiyo inapanda hadi mstari wa kwanza. Jirani yake wa kushoto katika mstari wa saba, aliye safu ya pili, anabaki kuwa 5. Tuhamie mstari wa tatu: 2, tupu, 3, 6, tupu, 7, 9, 1, tupu. Umekosa 4, 5 na 8. Kijumba chake cha safu ya pili hakiwezi kuwa 4, kwa kuwa boksi lake limepata 4 sasa hivi. Hakiwezi kuwa 5, kwa kuwa safu yake imepata 5 sasa hivi. Basi ni 8. Kijumba chake cha mwisho, safu ya tisa, hakiwezi kuwa 5, kwa sababu juu yake tu, mwishoni mwa mstari wa pili, kuna 5. Hakiwezi kuwa 8 tena. Basi ni 4. Na sasa rudi mstari wa pili: kijumba chake cha safu ya nane kiko boksi moja na hiyo 4 mpya, kwa hiyo hakiwezi kuwa 4, ni 8. Basi 4 ya mstari wa pili iko safu ya nne, na 4 ya mstari wa tano iko safu ya nane. Lile swali tulilolikalia tangu mwanzo limejijibu lenyewe. Tulianza bila 4 hata moja, sasa tunazo tano, na yaliyobaki katika fumbo hili yanamalizika kwa zile njia mbili za kawaida.

Hapa najua kuna msikilizaji mwenye swali, na ni swali la haki. Atasema: ulichofanya si ni kubahatisha kwa jina zuri? Umesema tuseme 4 iko hapa, halafu umesema tuseme iko kule. Jibu ni kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kuzitazama hali zote mbili na kuchagua mojawapo. Anayebahatisha huandika 4 katika kijumba kimoja, akaendelea, na kila namba anayoiandika baada ya hapo inategemea ile ya kwanza. Ikiwa alikosea, atakuja kugundua mbali sana, pengine baada ya kujaza nusu ya jedwali, na itambidi afute bila kujua kwa hakika afute mpaka wapi. Anayetumia mabawa ya X hachagui. Anauliza: ni jambo gani lililo kweli katika hali ya kwanza, na ni kweli pia katika hali ya pili? Jambo hilo tu ndilo analoliandika. Hata ingetokea kwamba 4 ya mstari wa pili iko safu ya nane, ile 4 tuliyoiandika pembeni chini isingeguswa.

Mwingine atauliza: je, hoja hii haitegemei dhana kwamba fumbo lina jibu moja tu? Hilo nalo ni swali zuri, kwa sababu zipo mbinu nyingine za sudoku ambazo hutegemea hivyo, na baadhi yake hutumia vijumba vinne vya mstatili vinavyofanana kwa macho na mabawa yetu. Mbinu hizo husema, kwa ufupi, kwamba mpangilio fulani hauwezekani kwa kuwa ungeleta majibu mawili. Mabawa ya X hayasemi hivyo popote. Rudia hesabu yetu uone: mstari lazima upate 4 yake, safu haipokei 4 mbili. Basi. Hakuna mahali tulipouliza fumbo lina majibu mangapi. Hata lingekuwa na majibu mawili, hitimisho letu lingesimama katika yote mawili.

Sasa tufike kwenye makosa, na hapa naomba usikivu wako zaidi, kwa sababu mtu anayeijua mbinu hii nusunusu huharibu fumbo kuliko asiyeijua. Kosa la kwanza ni kuona vijumba vinne vya mstatili ambavyo vyote vinaweza kupokea 4, ukashangilia, bila kuuliza kama katika kila mstari nafasi ni hizo mbili tu. Hebu tulijaribu kwa mfano wetu. Tuseme ile 1 ya mwisho wa mstari wa tano haijaandikwa, na kijumba hicho nacho kinaweza kupokea 4. Zile kona nne bado zipo palepale, na X yako bado inachoreka vizuri. Lakini je, hesabu inasimama? Weka 4 ya mstari wa pili katika safu ya nne, na 4 ya mstari wa tano katika kile kijumba cha mwisho, safu ya tisa. Hakuna sheria iliyovunjwa, na safu ya nane haijapata 4. Kwa hiyo katika mstari wa tisa, 4 ingeweza kabisa kukaa safu ya nane, na sisi tungekuwa tumeifuta bila haki. Nafasi moja ya ziada imebomoa hoja yote, huku picha ikiwa haijabadilika hata kidogo. Ndiyo maana nasema tusitegemee picha.

Kosa hili huzaliwa mara nyingi na alama za penseli zisizokamilika. Wengi wetu huandika namba ndogo ndogo ndani ya vijumba kuonyesha zinazowezekana, na hilo ni jambo zuri. Lakini ukisahau kuandika 4 katika kijumba kimoja, mstari wenye nafasi tatu utauona kama una mbili, na utajenga mabawa ambayo hayapo. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, pitia ile mistari miwili kijumba kwa kijumba, na kwa kila kijumba kitupu kilicho nje ya kona zako jiulize: ni nini hasa kinachoizuia 4 hapa? Ukiweza kuionyesha 4 iliyo katika safu au boksi hilo kwa kidole, endelea. Usipoweza, hakuna mabawa. Katika mfano wetu ukaguzi huo ulikuwa mwepesi, kwa kuwa mistari yetu ilikuwa na vijumba viwili tu vitupu. Katika mafumbo mengine mstari unaweza kuwa na vijumba vitano vitupu, vitatu kati yake vikiwa vimezuiwa, na huko ndiko watu wanakoteleza.

Kosa la pili ni kusahau kwamba safu lazima ziwe zilezile. Katika fumbo letuletu kuna mfano wake, tukiangalia kwa upande wa safu. Maana mbinu hii hufanya kazi pande zote mbili: unaweza kuanza na safu mbili ambazo namba imebakiwa na nafasi mbili mbili katika mistari ileile, na hapo utafuta namba hiyo kwingineko ndani ya mistari hiyo. Sasa rudi mwanzo kabisa, kabla hatujaandika 4 yoyote. Safu ya tatu ilikuwa na nafasi mbili za 4, mstari wa kwanza na mstari wa saba. Safu ya tisa nayo ilikuwa na nafasi mbili, mstari wa tatu na mstari wa sita. Kila moja ina mbili, lakini hazikutani katika mistari. Je, hapo kuna mabawa? Hakuna. 4 mbili zinatafuta nafasi katika mistari minne, na hakuna mstari hata mmoja unaoweza kusema kwamba umejaa.

Kosa la tatu ni kufuta pasipostahili. Msikilizaji anaweza kuuliza: nitakumbukaje kama nafuta kwenye mistari au kwenye safu? Usijilazimishe kukariri, jiulize tu ni kipi kilichojaa. Tulianza na mistari, tukagundua kwamba safu zimejaa, kwa hiyo tunafuta katika safu. Katika ile mistari miwili yenyewe hakuna cha kufuta, kwa sababu tangu mwanzo tulisema 4 haina nafasi nyingine humo. Na tena, namba tunayoifuta ni 4 peke yake. Kona zetu za mstari wa pili zilikuwa zinaweza kupokea 4 au 8, na za mstari wa tano 4 au 7. Hiyo 8 na hiyo 7 haziguswi. Uliona mwenyewe kwamba mwishoni kona moja ikawa 8 na nyingine ikawa 7. Mtu angezifuta kwa kudhani kona zote nne ni za 4, angejikuta na 4 nne mahali penye nafasi ya mbili.

Na ukishakosea utajuaje? Dalili ya wazi ni hii: baada ya kufuta, unakuta mstari, safu au boksi fulani halina tena mahali popote pa kuiweka namba hiyo. Hilo likitokea, usiendelee. Ama mabawa yako hayakuwa ya kweli, ama kuna namba uliyoiandika vibaya kabla yake. Anza kwa kuirudia ile mistari miwili na kuhesabu nafasi upya.

Basi mtu ayatafuteje mabawa haya bila kukodolea macho jedwali zima? Chukua namba moja, usiichanganye na nyingine. Pita mstari kwa mstari, na kwa kila mstari andika pembeni safu ambazo namba hiyo inaweza kukaa. Kwa 4 ya fumbo letu, katika mistari niliyokusomea, ungeandika hivi: mstari wa pili, safu ya nne na ya nane; mstari wa tatu, safu ya pili, ya tano na ya tisa; mstari wa tano, safu ya nne na ya nane; mstari wa tisa, safu ya kwanza, ya nne na ya nane. Mistari yenye nafasi tatu au zaidi iache, na itazame yenye mbili. Je, kuna jozi inayojirudia? Ipo, nne na nane, katika mstari wa pili na wa tano. Usipopata kwa mistari, rudia kwa safu, kisha uhamie namba nyingine. Anza na mistari iliyojaa zaidi, kwa sababu yenye vijumba viwili vitupu hujionyesha yenyewe, kama ilivyokuwa kwetu.

Mpaka wa mbinu hii nao ni vyema tuuseme. Mara nyingine utayapata mabawa ya kweli kabisa, na yasikupe kitu, kwa sababu katika safu zile mbili hakuna kijumba kingine kilichokuwa kinaweza kupokea namba hiyo. Si kosa lako; mpango upo, ila hauna cha kufuta, na inabidi utafute njia nyingine. Na mara nyingine utakuta mistari mitatu inayogombania safu tatu. Hesabu ni ileile: 4 tatu, safu tatu, kila safu inachukua moja, na safu zote tatu zimejaa. Wachezaji wameipa mbinu hiyo jina la samaki-upanga, na humo si lazima kila mstari uwe na nafasi tatu kamili. Mwenye nafasi mbili ndani ya safu hizo tatu anakubalika. Ukitegemea picha ya X hutaweza kuvuka kufika huko, maana umbo lake si X tena. Ukitegemea hesabu, umekwisha kufika.

Kwa hiyo, msikilizaji, mara nyingine fumbo litakapokugomea, uliza maswali matatu kwa mpangilio huu. La kwanza: je, ipo mistari miwili ambayo namba moja imebakiwa na nafasi mbili tu katika kila mmoja? La pili: je, nafasi hizo ziko katika safu zilezile? La tatu: je, katika safu hizo kuna mahali pengine palipokuwa panangojea namba hiyo? Ukijibu ndiyo mara tatu, futa kwa moyo mkunjufu, na mara tu baada ya kufuta, kabla hujaangalia pengine popote, tazama mistari uliyoipunguzia nafasi, kama tulivyoutazama mstari wa tisa, kwa sababu namba mpya mara nyingi hupatikana hapo.